Barua Iliyomfikia Mkurugenzi

Asubuhi ya tarehe 22 Machi 1993, wanafunzi 8 wa shule moja ya Plymouth, Uingereza, waliingia baharini kwa kayaki katika mji mdogo wa Lyme Regis. Walikuwa na mwalimu wao pamoja na wakufunzi 2 wa kituo cha michezo ya nje. Safari ilikuwa ya kufuata pwani hadi Charmouth, kilomita chache tu, na walitarajiwa kurejea mchana. Muda si muda kayaki ya mwalimu ikaanza kupinduka. Mkufunzi mmoja akabaki naye, mwingine akawakusanya wanafunzi wakashikanisha vyombo vyao wasubiri. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka nchi kavu kwenda baharini, ukawasukuma mbali. Kayaki zao hazikuwa na vitambaa vya kuziba nafasi ya kukalia, kwa hiyo kila wimbi liliingiza maji, nazo zikazama moja baada ya nyingine. Hawakuwa na fataki za kuomba msaada. Walinzi wa pwani hawakuwa wameambiwa kwamba kuna kundi baharini, na kituo kilichelewa kwa saa kadhaa kuwapa taarifa. Waokoaji walipowafikia, baridi ya maji ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake. Wanafunzi 4 walikufa.

Hadi hapo mtu anaweza kuwanyooshea kidole wale wakufunzi wawili vijana. Ndio waliokuwa baharini, na vyeti vyao vya kayaki vilikuwa vya ngazi ya chini kabisa. Lakini polisi walipochunguza waliuliza swali jingine: nani aliwapeleka pale wakiwa na vyeti vile na vifaa vile? Jibu liliwapandisha ngazi hadi ofisi ya Peter Kite, mkurugenzi mtendaji wa OLL, kampuni iliyokuwa ikimiliki kituo.

Humo ndimo ilimokuwa imefika barua. Kiasi cha miezi 9 kabla ya ajali, wakufunzi 2 wa zamani wa kituo hichohicho, walioacha kazi kwa sababu hawakuridhishwa na usalama, walimwandikia Kite. Walimweleza kwamba kituo hakina wakufunzi wenye sifa za kutosha wala vifaa vinavyohitajika, na wakamwonya waziwazi kwamba asipochukua hatua, ipo siku atalazimika kueleza kwa nini mtoto wa mtu hakurudi nyumbani.

Katika sheria inayotokana na ile ya Uingereza, si kila uzembe ni jinai. Dereva wa kampuni akigonga ukuta wa jirani, jirani atadai fidia, mambo yataisha huko. Hata kifo kikitokea, uzembe wa kawaida huishia katika fidia au faini. Ili meneja ashtakiwe yeye binafsi kwa kuua bila kukusudia, upande wa mashtaka lazima uthibitishe mambo manne: kwamba alikuwa na wajibu wa kumlinda aliyekufa, kwamba alishindwa kuutimiza, kwamba kushindwa huko ndiko kulikosababisha kifo, na kwamba uzembe wenyewe ulikithiri hadi ustahili kuitwa jinai. Kipimo hiki kilithibitishwa mwaka 1994 na mahakama ya juu ya Uingereza katika kesi ya daktari wa usingizi aitwaye Adomako, ambaye hakutambua kwamba mrija wa hewa wa mgonjwa wake ulikuwa umechomoka.

Jambo la nne ndilo gumu. Kukithiri kunapimwaje? Hakuna mizani yake; jopo la raia ndilo huamua. Ila uzoefu unaonyesha kwamba kinachomzamisha meneja mara nyingi ni kile alichokijua kabla. Asiyejua hatari anaweza kujitetea kwamba hakuitarajia. Aliyeandikiwa, kisha akaendelea kupokea ada za wanafunzi na kuwapeleka baharini, ana kazi kubwa zaidi ya kujieleza. Desemba 1994, mahakamani Winchester, Kite alitiwa hatiani akahukumiwa kifungo cha miaka 3, ambacho baadaye rufaa ilikipunguza kuwa 2. OLL ilitozwa faini ya pauni 60,000, ikawa kampuni ya kwanza Uingereza kupatikana na hatia ya kuua bila kukusudia. Meneja wa kituo, aliyeshtakiwa pamoja naye, aliachiwa baada ya jopo kushindwa kukubaliana.

Ukubwa wa kampuni nao una neno lake, na hapa sheria haikuwa ya haki sana. Mwaka 1987 meli ya abiria ya Herald of Free Enterprise ilitoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, mlango wake wa mbele ukiwa wazi, ikapinduka na watu 193 wakafa. Baadhi ya manahodha wa kampuni hiyo walikuwa wamekwisha kuomba taa za kuwaonyesha kama milango imefungwa, na ofisini wakajibiwa kwa dhihaka. Hata hivyo kesi ilivunjika mwaka 1990. Maonyo yalikuwa yametawanyika kwenye meza nyingi, na hapakuwa na kigogo mmoja ambaye ushahidi ungeweza kumbebesha kosa zima. OLL ilikuwa ndogo: barua moja, meza moja. Mwaka 2007 Uingereza ilitunga sheria ya kuyabana makampuni makubwa kwa vifo vya namna hii, lakini sheria hiyo huiadhibu kampuni yenyewe. Meneja bado hushtakiwa kwa kipimo kilekile cha uzembe uliokithiri.

Basi Kite angefanya nini siku aliyopokea barua? Swali hili ndilo linalotuonyesha uangalifu ambao sheria inautaka kwa kiongozi. Kwanza angesimamisha safari za baharini hadi ajiridhishe. Halafu angemtafuta mtu anayeijua bahari aende kituoni akakague vyeti, vifaa na utaratibu wa kuwaarifu walinzi wa pwani. Angetoa fedha za kununua fataki na kuajiri wakufunzi wenye sifa, kwa sababu kuamuru bila kutoa fungu ni kazi bure. Na baada ya wiki kadhaa angerudi, au angemtuma mtu, kuhakikisha kwamba yaliyoagizwa yamefanyika. Hatua hii ya mwisho ndiyo wakubwa wengi huiruka. Australia, katika sheria yake ya usalama kazini ya mwaka 2011, imeandika wajibu wa viongozi wa kampuni kipengele kwa kipengele: wajue hatari za kazi yao, watenge fedha, wapokee taarifa na kuzijibu kwa wakati, kisha wathibitishe kwamba hayo yote yanatendeka kweli. Faili lililojaa miongozo iliyosainiwa halitoshi ikiwa hakuna aliyekwenda kutazama.

Huku kwetu mambo si ya kigeni. Sheria za adhabu za Kenya na Tanzania, zilizorithi maneno ya wakati wa ukoloni, zinasema kuua bila kukusudia kunaweza kutokana na kuacha kutimiza wajibu wa kulinda uhai, ikiwa uzembe huo ni wa kulaumika, hata kama hakuna aliyetaka mtu afe. Adhabu yaweza kufika kifungo cha maisha. Kenya inakwenda mbali zaidi katika kifungu cha 23: kampuni ikitenda kosa, kila anayehusika na uongozi wake anahesabiwa ametenda kosa hilo, isipokuwa athibitishe kwamba hakujua, na kutojua huko hakukutokana na yeye mwenyewe, au kwamba alichukua kila hatua ya busara kulizuia. Mzigo wa kuthibitisha uko mabegani mwake. Mkurugenzi aliyewazoesha wafanyakazi wasimletee habari mbaya atapata shida sana kusema kwamba hakujua.