Barua ya Kupinga Makato ya Dipoziti

Muhula ukiisha, makomredi wengi wanahama, na wengi wanapata ujumbe wa aina moja kutoka kwa keateka: nyumba imekaguliwa, kuna uharibifu, pesa utakayorudishiwa ni hii hapa. Mara nyingi kiasi hicho hakifiki hata nusu ya kile ulicholipa. Watu wanajibu kwa njia mbili. Kuna wanaotukana kwenye WhatsApp halafu wanazuiwa, na kuna wanaoguna na kuachilia. Wenye nyumba wamezizoea zote mbili. Wasichokizoea ni barua ya ukurasa mmoja yenye hesabu, picha na tarehe. Makala haya ni ya barua hiyo.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi anapanga bedsita karibu na chuo, hapa Kenya, kwa shilingi 8,000 kwa mwezi, na dipoziti ni 8,000. Anaingia Jumamosi tarehe 2 Septemba 2023 na kutoka Jumatano tarehe 30 Aprili 2025, yaani baada ya miezi 20. Kodi amelipa yote hadi mwezi wa mwisho. (Hili ni muhimu. Kama uliamua "kukalia" dipoziti mwezi wa mwisho badala ya kulipa kodi, huna dipoziti ya kudai tena.) Tarehe 10 Mei anapata ujumbe: rangi 3,500, sinki 1,800, kitasa 1,200, usafi 500. Jumla ni 7,000. Atarudishiwa 1,000.

Kabla ya kuandika chochote, anasoma mkataba wake. Anatafuta mambo mawili tu: unasema nini kuhusu rangi, na unasema dipoziti irudishwe baada ya siku ngapi? Mikataba mingi ya mtaani ina kipengele kwamba mpangaji atapaka nyumba rangi akihama. Kama uliweka sahihi hapo, kubishana kwamba hudaiwi rangi ni kazi ngumu. Unachoweza kupigania ni kiasi: bedsita ya futi kumi kwa kumi haimalizi rangi ya nyumba ya vyumba vitatu, kwa hiyo omba risiti ya rangi na ya fundi. Mkataba wa huyu wa mfano wetu haukutaja rangi wala muda wa kurudisha pesa. Ulisema tu nyumba irudishwe "katika hali nzuri".

Hapo ndipo sheria inapoingia. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 66, inamtaka mpangaji arudishe nyumba katika hali aliyoikuta, lakini inatoa nje uchakavu wa kawaida. Rangi iliyofifia baada ya miezi 20, alama za kiti ukutani, weusi kidogo juu ya meko: huo ni uchakavu. Tundu la ngumi kwenye mlango wa bodi ni uharibifu. Kati ya hivyo viwili kuna eneo la ubishi, na humo picha ndizo zinazoamua.

Sasa, picha. Watu wengi wanapiga picha za karibu sana, ufa unajaa skrini nzima na hakuna anayeweza kujua ni ufa wa wapi. Piga kwanza picha pana inayoonyesha kitu kisichohama, kama dirisha au namba ya mlango, halafu ya karibu. Siku ya kutoka, simama pale pale uliposimama siku ya kuingia na urudie. Picha mbili za pembe moja, moja ya 2023 na nyingine ya 2025, hazihitaji maelezo marefu.

Kuhusu tarehe, kuna mtego. Simu nyingi huhifadhi tarehe na saa ndani ya faili lenyewe, na mara nyingi hata kwenye jina lake:

```
IMG_20230902_141503.jpg
IMG-20250510-WA0012.jpg
```

La kwanza limetoka kwenye kamera moja kwa moja. La pili limepita WhatsApp, ambayo hufuta maelezo ya ndani ya picha na kuipa jina jipya, na tarehe unayoiona hapo si lazima iwe siku picha ilipopigwa. Kwa hiyo weka faili asili, usizifute baada ya kutuma, na ukitaka kuzituma kwa WhatsApp zitume kama hati, si kama picha. Zile programu za kuandika tarehe nyekundu kwenye kona ya picha hazikusaidii sana, maana yeyote anaweza kuandika tarehe yoyote.

Hata tarehe ya simu inaweza kupingwa, kwa sababu saa ya simu hubadilishwa. Ushahidi mzito zaidi ni kumtumia keateka au mwenye nyumba picha hizo siku ile ile unayoingia, na maneno machache: "Habari, nimeingia leo, sinki nimeikuta na ufa, angalia picha." Simu yake nayo sasa ina tarehe hiyo. Mwanafunzi wetu alifanya hivyo, na keateka alijibu "Sawa, tutaangalia." Maneno hayo mawili yana thamani ya shilingi 1,800.

Akiwa na hayo, anapanga makato yote manne na kujiuliza kwa kila moja: je, hili nalipinga kweli? Kitasa hakipingi. Alipoteza ufunguo na fundi akabadilisha kitasa. Analikubali kwa maandishi, na hapo wengine watashangaa: kwa nini umpe 1,200 bure? Si bure. Anayekubali analodaiwa kwa haki huaminika anapokataa mengine, na mgogoro unabaki wa mambo matatu badala ya manne. Basi hesabu ni hii: 8,000 toa 1,200, zinabaki 6,800. Barua inadai hiyo 6,800, si "dipoziti yangu yote" wala "haki yangu".

Barua yenyewe:

> 12 Mei 2025
>
> KUH: KUPINGA MAKATO YA DIPOZITI, CHUMBA B7
>
> Kwako Mama mwenye nyumba,
>
> Nilipanga chumba B7 kuanzia tarehe 2 Septemba 2023 hadi 30 Aprili 2025, nilipomkabidhi keateka funguo. Nililipa dipoziti ya shilingi 8,000 (risiti imeambatishwa). Tarehe 10 Mei nilijulishwa kwamba shilingi 7,000 zitakatwa.
>
> Kitasa, 1,200: Nakubali.
>
> Sinki, 1,800: Sikubali. Ufa ulikuwepo nilipoingia. Tazama picha namba 1 na 2 za tarehe 2 Septemba 2023, na ujumbe niliomtumia keateka siku hiyo pamoja na jibu lake.
>
> Rangi, 3,500: Sikubali. Picha namba 3 hadi 6, za siku ya kuingia na ya kutoka, zinaonyesha rangi iliyofifia tu, bila tundu wala mchoro. Huo ni uchakavu wa kawaida wa miezi 20, na mkataba wetu haunitaki nipake rangi.
>
> Usafi, 500: Sikubali. Picha namba 7 na 8 za tarehe 30 Aprili 2025 zinaonyesha chumba kikiwa kimepigwa deki na kiko wazi.
>
> Naomba nirudishiwe shilingi 6,800 kwa M-Pesa, kwa namba ile niliyokuwa nikilipia kodi, kabla ya saa kumi na moja jioni, Jumatatu tarehe 26 Mei 2025. Kama una picha au risiti zinazoonyesha tofauti na haya, naomba nizipate kabla ya tarehe hiyo.
>
> Nisipopata malipo wala jibu kufikia hapo, nitawasilisha dai hili katika Mahakama ya Madai Madogo.
>
> Wako mwaminifu,
> Aliyekuwa mpangaji, B7

Angalia tarehe ya mwisho. Haikuandikwa "haraka iwezekanavyo" wala "ndani ya wiki mbili", kwa sababu wiki mbili za kuanzia lini? Kuandikwa, kupokelewa au kusomwa? Siku, tarehe na saa vinaondoa mjadala huo. Siku 14 zinamtosha mtu kumuuliza keateka wake na kutafuta pesa. Ukimpa siku mbili utaonekana mtu wa fujo. Na kama mkataba unampa mwenye nyumba siku 30, tarehe yako isiwe kabla ya hizo kuisha.

Tishio nalo ni moja tu, na linatekelezeka. Usiandike kwamba utampeleka polisi, maana ubishi wa makato ni wa madai, si jinai, na mwenye nyumba anayelijua hilo atacheka.

Barua iende kwa nani? Si kwa keateka. Angalia jina lililo kwenye risiti au kwenye ujumbe wa M-Pesa ulipolipa dipoziti: aliyepokea pesa, awe mwenye nyumba au wakala, ndiye anayedaiwa. Chapisha nakala mbili, peleka moja, na kwenye ile nyingine anayepokea aandike jina, tarehe na sahihi. Akikataa kuweka sahihi, itume siku hiyo hiyo kwa WhatsApp na baruapepe na uhifadhi.

Na kama hukupiga picha ulipoingia? Barua bado inaandikika, ila inabadilika sura. Hapo unamtaka yeye athibitishe: sinki ilivunjika lini, picha ya kabla iko wapi, risiti ya fundi iko wapi. Anayesema kuna uharibifu ndiye mwenye mzigo wa kuuthibitisha. Wengi hawana picha pia. Lakini ujue msimamo wako ni dhaifu zaidi, na kukubaliana katikati huenda likawa jambo la busara.

Jambo linalotokea sana kabla ya tarehe ya mwisho ni hili: simu inalia, M-Pesa imeingia 1,000, na ujumbe unasema "tumemalizana". Usiirudishe, na usinyamaze. Jibu papo hapo: "Nimepokea 1,000 kama sehemu ya 6,800. Zimebaki 5,800, tarehe ya mwisho ni ile ile, 26 Mei." Ukinyamaza, kesho atasema ulikubali.

Tarehe ikipita kimya, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja, na pesa zako zilizoshikwa na mtu mwingine ni aina ya dai linalofaa huko. Huhitaji wakili, kanuni za ushahidi hazikazwi kama kwenye mahakama nyingine, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Unapeleka mkataba, risiti, barua yenye sahihi ya mpokeaji na picha zilizochapishwa, pamoja na simu yenye faili asili. Andaa pia cheti cha ushahidi wa kielektroniki chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, ambacho ni maelezo mafupi uliyotia sahihi ya jinsi picha zilivyopigwa na kuchapishwa, endapo upande wa pili utazipinga.

Kuna ada na kuna nauli, na kwa 5,800 ni lazima upige hesabu yako. Ndiyo maana barua inafaa iandikwe kana kwamba hakimu ataisoma, hata kama unatumaini atakayeisoma ni mwenye nyumba peke yake.