Alama ya "Nilimaanisha"

Swali la baiolojia linamtaka mwanafunzi wa kidato cha nne aeleze maana ya osmosisi, kwa alama tatu. Anaandika: "Ni maji kutoka palipo na maji mengi kwenda palipo na maji machache." Jioni anafungua mwongozo wa kusahihisha, anasoma jibu lake, anasoma la mwongozo, kisha anajipa tatu. Utando haukutajwa popote, lakini anajiambia kwamba aliumaanisha.

Mtego huu umechunguzwa. Watafiti Katherine Rawson na John Dunlosky wa Chuo Kikuu cha Kent State, Marekani, waligundua kwamba wanafunzi huyakweza majibu yao yenye kasoro hata jibu sahihi likiwa mbele ya macho. Akishalisoma, mtu huona kana kwamba alilijua tangu awali. Hali ilikuwa afadhali jibu sahihi lilipovunjwa hoja moja moja, kila hoja ikatafutwa peke yake.

Turudi kwa kijana wetu. Mwongozo una hoja tatu: molekuli za maji husogea, hutoka kwenye myeyusho hafifu kwenda kwenye myeyusho mzito, hupitia utando unaopitisha baadhi ya vitu na kuzuia vingine. Hoja ya kwanza ameiandika, anaipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Ya pili ameisema kwa maneno yake, nayo inakubalika, kwani palipo na maji mengi ndipo myeyusho ulipo hafifu. Ya tatu hana cha kuipigia mstari. Ni mbili kati ya tatu.

Alama moja, mtu angeweza kuipuuza. Lakini ukurasa wa pili palikuwa na swali la kipande cha kiazi kilicholegea baada ya kuwekwa kwenye maji ya chumvi nyingi, naye alijibu kwamba chumvi iliingia na kukilainisha. Kumbe utando hakuusahau kwa haraka ya mtihani. Hakujua kazi yake. Utando hauruhusu chumvi kupenya kwa urahisi kama maji, hivyo maji ndiyo yaliyotoka kwenye seli, kiazi kikalegea. Pengo ni moja, limejitokeza mara mbili.

Kujinyima nako ni kosa. Anayetafuta maneno yale yale ya mwongozo angejikata hata hoja ya pili. Panapo shaka ya kweli, alama ya kuuliza pembeni, apelekewe mwalimu, ni bora kuliko kujikatia hukumu.

Kulikariri jibu la mwongozo usiku huo hakutamwonyesha kama pengo limezibika. Siku nne baadaye, mwongozo ukiwa umefungwa, ajiulize swali jipya: kwa nini kachumbari iliyotiwa chumvi mapema hukutwa na maji chini ya bakuli? Ajibu kwa maandishi. Kisha atafute neno utando kwenye karatasi yake.