Lawama si Masimango

Katika mitaa ya Ng'ambo, mjini Unguja, mtu halaumiwi kwa kuomba. Jirani aliyeishiwa chumvi humtuma mtoto na kikombe, mwenye harusi huazima masufuria na mikeka, na aliyefiwa hapikiwi na mfuko wake peke yake. Tena ukipata shida ukaenda kukopa mtaa wa mbali, rafiki yako ndiye atakayekasirika: "Kwani mimi sipo? Mbona hukuniambia?" Kwa hiyo mtu anapolalamika kwamba rafiki yake humtafuta wakati wa haja tu, haja si kosa. Kosa ni kimya kinachokaa baina ya haja moja na nyingine.

Kimya hicho kina mahali pake pa kujulikana. Urafiki hapa huhesabiwa kwa kuonekana: kumtazama mzazi kabla ya arubaini, kumkagua mgonjwa, kwenda kuhani, kufika shughulini mapema wakati mchele bado unachaguliwa. Ubani anaopewa mfiwa mkononi unaweza kuwa mdogo sana, na hakuna atakayeutaja. Asiyefika kabisa ndiye anayetajwa, hata kama alituma pesa kwa simu. Ndiyo maana rafiki asiye na kitu, anayeomba kila mwezi, anaweza kupendwa mno kwa sababu siku ya shughuli yeye ndiye aliyekaa kwenye karo la vyombo hadi usiku. Na mwenye uwezo wake, anayepiga simu mara mbili tu kwa mwaka kutaka kufanyiwa jambo, huonekana mzito.

Dalili nyingine imo katika maamkizi. Anayeijua nyumba yako huuliza kwa kituo: mama miguu inaendeleaje, yule mtoto aliyekuwa na homa ameamka, mzee amesharudi shamba? Anayekuja kwa haja hupita haraka: "Hamjambo nyote? Haya, sikiliza." Mwenyeji husikia tofauti hiyo kabla haja yenyewe haijatajwa.

Hatua ya kwanza ya kumwambia nayo hufanyika humo humo katika maamkizi. "Umeadimika kama wali wa daku," mwenyeji husema huku akitandika mkeka. Maneno hayo yana utani, lakini yametolewa ili yajibiwe. Mgeni mwenye kuhisi hukaa, akasema, "Nisamehe mwenzangu, nimekosa," kisha akauliza habari za nyumba upya, safari hii pole pole. Akisema "Ah, pilikapilika za maisha" na kuingia moja kwa moja kwenye shida yake, basi utani haukutosha na itabidi aambiwe waziwazi.

Wengi wakifika hapo hukimbilia fumbo. Mwanamke hununua doti ya kanga yenye jina linalomgusa mwenzake, akaivaa siku ambayo watakutana. Saida Yahya-Othman wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika mwaka 1997 kuhusu majina ya kanga na jinsi yanavyompa mwanamke sauti pale ambapo kusema kwa mdomo ni kugumu. Nguvu ya kanga ni kwamba mvaaji anaweza kukana: nimependa rangi tu. Udhaifu wake ni huo huo. Anayeambiwa naye anaweza kujifanya hakusoma, na hakuna aliyeomba radhi wala aliyesamehe. Siku hizi maneno ya namna hiyo huwekwa kwenye stetasi ya WhatsApp, yakasomwa na mtaa mzima, na mwenyewe aliyekusudiwa akadhani anasemwa mwingine. Fumbo linamfaa hasimu. Rafiki ambaye bado unamtaka anastahili lawama, yaani kuambiwa kosa lake uso kwa uso na mtu mwenye haki ya kumwambia.

Lawama ina adabu zake, na kubwa ni kutoigeuza kuwa masimango. Anayesimanga huhesabu alichotoa: nilikukopesha, nilikushonea, nilikuombea kazi. Hata akiwa na haki, anayesimanga hupoteza heshima, maana amegeuza wema wake kuwa deni. Waislamu wa pwani wanaijua pia hukumu yake katika Sura ya Baqara, aya ya 264, inayokataza kuharibu sadaka kwa masimbulizi na maudhi. Anayelaumu hataji alichotoa. Hutaja pale alipomhitaji mwenzake asimwone.

Chukua mfano wa mashoga wawili, mmoja fundi cherehani. Mwenzake humpigia simu skuli zikikaribia kufunguliwa, amshonee watoto sare, na huenda miezi bila salamu. Mwaka huu mama wa fundi alilazwa, na katika siku hizo hizo simu ya sare ikaja. Fundi mwenye busara humpa habari za mama, lakini hamlaumu siku hiyo. Kama ana nafasi hushona, kama hana husema hana. Ukimlaumu mtu mwenye shida mkononi, ataona unamwekea masharti, na atakubali lolote ili apate anachotaka.

Sare zikishachukuliwa, fundi huenda mwenyewe kwa shoga yake, bila haja yoyote, kwa wakati ambao mume na wakwe hawapo. Kwenda huko ni nusu ya ujumbe. Baada ya maamkizi husema:

"Shoga, leo nina lawama nawe."

"Lawama gani tena, mwenzangu?"

"Mama kalala hospitali, hukuja kumtazama. Na habari unazo, maana nilikwambia siku ile uliponipigia. Nilikungoja. Nikaona nimekuwa mtu wa haja zako, si mtu wako."

Tukio ni moja tu. Sare hazikutajwa kuwa ni fadhila, wala ya miaka mitano iliyopita hayakufukuliwa. Kama angeongeza, "Na watoto wako nawashonea bure," mazungumzo yangehamia kwenye bei ya uzi, na mama mgonjwa akasahaulika.

Mlaumiwa naye ana haki ya kutoa lake. Anaweza kusema, "Na mimi nilipohama hukuja kuniona ninapokaa." Hapo fundi lazima asikilize, kwa sababu anayelaumu bila kukubali kulaumiwa hurudi na hasira ile ile. Yakiwa ya kweli, kila mmoja husema amekosa, na neno la mwisho huwa "Yamekwisha." Baada ya neno hilo jambo halirudiwi, hata kwa utani.

Ithibati huja baadaye. Mwenye kuelewa hatatuma pesa za sare. Atakwenda kwa mama wa shoga yake na machungwa mawili matatu, akae naye. Lakini mlaumiwa akijibu kwa ukali, "Unanisimanga," fundi hamfuati kwa maneno. Hutafutwa mtu mzima anayewajua wote wawili, au husubiriwa siku za mwisho za Shaabani, ambapo watu hutakana radhi kabla ya Ramadhani na kuomba msamaha huwa kwepesi.

Na kama hayo yote hayakusaidia, mila inaruhusu kupunguza. Unaweza kukataa kushona, ukabaki na salamu za njiani. Lakini akifiwa utakwenda kuhani, utakaa mkekani pamoja na wengine, utampa mkono. Hilo halifanywi ili kumwaibisha. Ni kwa sababu ulimlaumu kwa kutoonekana, na ukikosa kuonekana wewe kwenye msiba wake, lawama yako haitakuwa na uzito tena.