Kula Kuelekea Katikati: Kanuni Inayopoteza Askari

Swali ni lilelile, na safari hii nimeulizwa na mchezaji ambaye tayari anashiriki mashindano: “Mwalimu, askari akila si lazima ale kuelekea katikati?” Hapana. Si lazima, na katika mojawapo ya mifunguo inayochezwa sana duniani, kufanya hivyo ni kujitafutia shida mapema. Kanuni hii inafundishwa kwa watoto kama jedwali la kuzidisha, kisha sisi tunaowapokea baadaye tunatumia miezi kuifuta.

Chukua Ufunguzi wa Kihispania, tawi la kubadilishana: 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bb5 a6 4.Bxc6. Askofu wa Mweupe amemla farasi aliyekuwa anamlinda askari wa e5, na sasa Mweusi anapaswa kurudisha. Ana askari wawili wanaofika c6. Wa b akila, anasogea kuelekea katikati. Wa d akila, anatoka katikati na kwenda pembeni. Mwenye kuishika kanuni atamla kwa askari wa b bila hata kufikiri. Mabingwa kwa miaka zaidi ya mia moja wamekuwa wakila kwa askari wa d.

Sababu inaonekana ukimtazama malkia wa Mweusi pale d8. Askari wa d akishaondoka d7, njia ya malkia inafunguka, na ya askofu wa c8 pia. Sasa Mweupe akidhani kwamba askari wa e5 ni wa bure na kumla kwa farasi, Mweusi anamweka malkia d4. Kutoka hapo anamgusa farasi wa e5 na askari wa e4 kwa pamoja. Farasi anarudi f3, malkia anamla askari wa e4 na kutoa shaha, Mweupe anaziba kwa malkia wake e2, malkia wanabadilishana, na hesabu ya askari iko sawa tena. Mweusi amebaki na maaskofu wawili na hana la kulalamikia.

Hebu sasa tufuate kanuni na tumle kwa askari wa b. Malkia bado amefungwa nyuma ya askari wa d7, na ile hatua ya d4 haipo kabisa. Mweupe anasukuma askari wake d4, na Mweusi analazimika kuamua la kufanya. Wengi huchagua hatua inayoonekana ya busara, d6, ili kumlinda askari wa e5. Ni kosa. Mweupe anakula e5, askari wa d6 anarudisha, Mweupe anamla malkia pale d8 kwa shaha, mfalme wa Mweusi anarudisha, kisha farasi anamla askari wa e5. Mweupe amezidi askari mmoja. Zaidi ya hayo farasi yule anatishia f7, ambako angemshika mfalme wa d8 na ngome ya h8 kwa mpigo mmoja, na bado anamtazama askari wa c6. Hatua nane tu, na mfuasi mwaminifu wa kanuni amepoteza askari, na mfalme wake hawezi tena kujificha ngomeni.

Mweusi anaweza kulikwepa hilo kwa kumla askari wa d4 mara moja. Lakini malkia wa Mweupe ndiye atakayerudisha, naye atakaa katikati kwa raha, kwa sababu farasi wa c6 ambaye angemfukuza hayupo tena. Hayo ndiyo matunda ya kula kuelekea katikati: katikati yenyewe imekwenda kwa mpinzani.

Hoja inayoletwa kuitetea kanuni si ya kipuuzi, na inastahili jibu. Askari aliye karibu na katikati hutawala miraba yenye thamani zaidi, na hilo ni kweli. Kosa ni kuigeuza sifa hiyo moja kuwa hukumu ya mwisho, huku kete zenyewe zikisahaulika. Kila unaporudisha kwa askari unafungua mstari mmoja na kuacha mwingine umefungwa. Kwanza uliza ni kete gani zako zitapumua.

Kula kwa askari wa d kuna gharama, nayo ni kubwa. Mweupe akisukuma d4, askari wakabadilishana na malkia wakatoka ubaoni, jaribu kuondoa kichwani kete zote zilizobaki ila wafalme na askari. Upande wa mfalme Mweupe ana askari wanne dhidi ya watatu, na kutoka humo atatengeneza askari huru. Upande wa pili Mweusi ndiye mwenye wanne dhidi ya watatu, lakini wawili wamesimama mmoja nyuma ya mwenzake kwenye mstari wa c, na wakisukumwa hawatoi askari huru Mweupe akiwa makini. Kwa kawaida mwisho huo ni ushindi wa Mweupe. Kinachomweka Mweusi hai ni maaskofu wake wawili, na akiwabadilisha ovyo amejimaliza.

Lasker alimwonyesha Capablanca jambo hilo mjini Saint Petersburg mwaka 1914. Malkia walitoka mapema, Lasker akasukuma askari wake hadi f5, kisha akabadilisha maaskofu wa miraba myeusi pale d6. Capablanca akarudisha kwa askari wa c, na kwa hatua hiyo askari wake waliopangana wakanyooka. Kwa macho, kasoro imetibiwa. Lakini mraba wa e6 ulikuwa hauna tena askari wa kuulinda, farasi wa Lasker akaingia humo, akambana Capablanca hadi akashindwa.

Mwaka 1966, katika Olimpiadi ya Havana, Fischer alilifufua tawi hili kwa kumficha mfalme kwanza kwenye hatua ya tano, na akawashinda Portisch na Gligoric. Hapo tishio la kumla e5 ni la kweli: malkia akienda d4 na kumla askari wa e4, ngome inakuja e1 na malkia amenaswa mbele ya mfalme wake. Kwa hiyo umeshakula kwa askari wa d, Mweupe amejificha ngomeni? Mlinde e5 mara moja, kwa f6 au kwa askofu d6.

Kwingineko, kwa haraka. Katika Petrov, farasi wakibadilishana c3, Mweupe hula kwa askari wa d, anatoa askofu na malkia upesi, na mara nyingi anamficha mfalme upande wa malkia. Katika Gambiti ya Malkia, Mweupe akila d5 kwenye hatua ya nne, kurudisha kwa askari wa e kunamfungulia askofu wa c8 na kubakiza askari katikati. Kurudisha kwa farasi kunamruhusu Mweupe asukume e4, nawe ujiandae kuipiga katikati yake kwa c5. Katika Karo-Kann, farasi akiliwa f6, askari wa e akirudisha unapata maendeleo ya haraka na mfalme salama, ila mwisho wa askari watupu utakuwa mbaya kwako. Askari wa g akirudisha unambakiza askari wa e na kupata mstari wa g kwa ngome yako. Basi fikiria kumficha mfalme upande wa malkia, maana wa mfalme umeshaubomoa mwenyewe.