Kisanduku cha herufi 1,500 si barua iliyofupishwa

Waomba kazi wengi wa Bunia hubeba barua ya maombi tayari kwenye simu au ufunguo wa USB: anwani juu, tarehe, salamu, aya nne, kisha shukrani na sahihi. Wakifika kwenye fomu ya mtandaoni ya shirika, hawakuti mahali pa kuambatisha faili. Wanakuta kisanduku cha maandishi chenye kikomo, tuseme herufi 1,500. Nafasi na alama za uandishi nazo huhesabiwa.

Kosa la kwanza ni kubandika barua nzima. Visanduku vingi hukata kinachozidi bila kutoa onyo. Utalitambua hilo kihesabio kikisoma 1500/1500 kamili na sentensi ya mwisho ikiishia katikati. Kilichokatwa ni mwisho wa barua, na kwa kawaida ndipo tunapoeleza kwa nini tunaifaa kazi.

Kwa hiyo anza kwa kuondoa. Jina, simu, anwani na diploma vimeshaulizwa kwenye sehemu nyingine za fomu. Salamu na sahihi hazihitajiki. Kisha pima kila sentensi iliyobaki. Chukua mfano wa muuguzi anayeanza hivi: “Nina heshima kubwa kuwaandikia barua hii ili kuomba nafasi ya muuguzi mliyoitangaza.” Hizo ni herufi 84, na msomaji hajajua lolote jipya. Kwa herufi 81 angeweza kusema: “Mwaka 2019 nilipokea na kutenga wagonjwa walioshukiwa kuwa na Ebola huko Mambasa.” Hapo pana mwaka, kazi na mahali. Sentensi inayofuata iunganishe uzoefu huo na sharti mojawapo la tangazo, na ya tatu itaje matokeo ya kazi yake.

Mtego wa pili hauonekani. Unapobonyeza kitufe cha kuanza mstari mpya, kihesabio cha kwenye skrini huweza kuhesabu alama moja, lakini fomu inapotumwa kivinjari hupeleka alama mbili. Maandishi yanayosomeka 1,496 yenye mikato sita ya mstari hufika yakiwa 1,502, na seva inayohesabu kwa ukali huyakataa ingawa kwenye skrini yalionekana sawa. Acha akiba ya herufi 30 hivi, na tenganisha aya mbili au tatu tu. Herufi nzito na orodha zenye vitone usizitegemee, kwa kuwa mara nyingi hupotea.

Andika nje ya fomu, kwenye Word au programu ya maandishi ya simu, kwani mtandao ukikatika au muda wa ukurasa ukiisha, yaliyoandikwa ndani ya kisanduku huweza kufutika. Katika Word ya Kifaransa, soma mstari wa “Caractères (espaces compris)”, si idadi ya maneno. Ukishabandika, shuka hadi mwisho wa kisanduku uhakikishe nukta yako ya mwisho ipo, ndipo utume.