Asilimia Ngapi, na ya Nini? Kukagua Usafi wa Mikono Wodini

Wodi ikibandika ukutani kwamba wahudumu wake wanasafisha mikono kwa asilimia 90, la kuuliza ni hili: asilimia 90 ya nini? Ya wahudumu walioonekana wakinawa angalau mara moja siku hiyo? Ya waliojaza dodoso wakasema huwa wananawa? Ukaguzi wa kitabibu huanza kwa kulijibu swali hilo, kabla mtu hajaingia wodini na fomu mkononi.

Ukaguzi huu hautafuti ugunduzi mpya. Kinachopaswa kufanywa kinajulikana, na kazi yake ni kupima kama kinafanyika, kurekebisha palipopungua, kisha kupima tena. Hospitali nyingi huishia kwenye kipimo cha kwanza. Ripoti huandikwa, husainiwa, huwekwa kabatini, na mzunguko hukatikia hapo.

Kiwango cha kupimia kipo tayari. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 umetaja nyakati tano ambazo mhudumu hana budi kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu, kama kuchoma sindano au kufunga kidonda, baada ya kukaribia damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka, kama kitanda chake au kimeza chake. Kusugua kwa kitakasa mikono chenye spiriti huchukua sekunde 20 hadi 30. Kunawa kwa maji na sabuni huchukua sekunde 40 hadi 60, na ndiko kunakohitajika pale mikono inapoonekana kuchafuka. Katika nyakati hizo tano hakuna wa kusamehewa, lakini timu hujiwekea lengo la mzunguko wa kwanza, tuseme asilimia 70. Lengo hilo liandikwe kabla ya kuhesabu, maana likiwekwa baada ya matokeo kujulikana hushushwa likatoshea.

Kinachohesabiwa huitwa fursa, na hapa ndipo wakaguzi wapya hukosea. Muuguzi anapima mapigo ya mgonjwa wa kitanda cha 4, anamgeuza ubavu, kisha anakwenda moja kwa moja kumshika mgonjwa wa kitanda cha 5. Kati ya vitanda hivyo pana sababu mbili za kusafisha mikono: ametoka kumgusa mmoja na anakwenda kumgusa mwingine. Hata hivyo kusafisha mara moja kunatosha, kwa hiyo mkaguzi anaandika fursa moja yenye sababu mbili. Muuguzi akisugua mikono, fursa imetimizwa. Akivaa glavu bila kusugua, haijatimizwa, kwa sababu glavu haichukui nafasi ya kusafisha mikono. Na akinawa baadaye kwenye sinki kabla ya chai, ni jambo jema, ila halihusiani na fursa ile. Utiifu ni fursa zilizotimizwa kugawanya kwa fursa zote zilizojitokeza, mara 100. Ndiyo maana wakaguzi wawili huanza kwa kutazama kazi ileile pamoja na kulinganisha fomu zao. Wakitofautiana sana, hawajawa tayari.

Fursa ngapi zitoshe? Mwongozo huohuo unapendekeza 200 kwa kila wodi katika kila kipindi cha ukaguzi, na hesabu yake inaeleweka. Ukipata asilimia 41 kutoka fursa 200, hali halisi huenda ikawa popote kati ya 34 na 48. Ukipata 41 hiyohiyo kutoka fursa 50, inaweza kuwa popote kati ya takriban 27 na 55, na hapo huwezi kujua kama mabadiliko utakayoyaona baadaye ni ya kweli. Fursa hizo zisichotwe zote wakati wa raundi ya daktari bingwa, kila mtu akiwa makini. Mkaguzi akae kama dakika 20 kwa kikao, asifuatilie zaidi ya watu watatu kwa wakati mmoja, na vikao vigawanywe kati ya asubuhi, jioni, usiku na siku za mapumziko. Ukaguzi usio na hata saa moja ya usiku haujui wodi hiyo inavyoishi.

Tuchukue mfano wa kubuni, wodi ya upasuaji yenye vitanda 30. Katika fursa 200, zilizotimizwa ni 82, yaani asilimia 41. Namba hiyo peke yake haimwelekezi mtu la kufanya. Timu inaipasua kwa nyakati, na picha inatokea: baada ya kushika damu au majimaji, utiifu ni 24 kati ya 30, asilimia 80, kabla ya kumgusa mgonjwa ni 18 kati ya 72, asilimia 25, kabla ya kazi safi ni 9 kati ya 30, asilimia 30. Wahudumu wanajikinga wao wenyewe vizuri kuliko wanavyomkinga mgonjwa. Mpangilio huu umeonekana katika hospitali za nchi nyingi, na hautokani na roho mbaya. Mkono uliolowa damu hujisemea wenyewe, lakini mkono mkavu unaokaribia kidonda hauonyeshi alichobeba.

Ripoti nzuri hapo haitaji jina la mtu. Inaonyesha utiifu kwa nyakati, kwa kada na kwa zamu, kisha inaeleza chanzo. Katika mfano wetu sinki liko mwisho wa wodi, na chupa za kitakasa zinafungiwa ofisini kwa sista mkuu zisiibiwe. Hakuna semina itakayoponya kabati lililofungwa. Mpango unaandikwa: chupa kwenye kila toroli na miguuni pa kila kitanda, jina la cheo kitakachohusika kuzijaza, na tarehe ya kuanza.

Baada ya miezi 3 wodi inakaguliwa upya, kwa fomu ileile, kwa mgawanyo uleule wa zamu, kwa fursa 200. Ukibadilisha kipimo huwezi kulinganisha. Safari hii zimetimizwa 124, asilimia 62. Tofauti ya pointi 21 kwa sampuli hizo ni kubwa kuliko bahati nasibu ingeweza kuleta.

Bado pana shaka moja ya haki: watu hubadilika wakijua wanatazamwa. Dawa yake ni ushahidi wa pili usiomtegemea mtazamaji. Wodi yenye wastani wa wagonjwa 28 kwa siku ina siku za wagonjwa 840 kwa mwezi wa siku 30. Ikiwa mwezi wa ukaguzi wa kwanza ilitumia lita 5 za kitakasa, hiyo ni karibu lita 6 kwa kila siku 1,000 za wagonjwa. Mwezi wa ukaguzi wa pili ikatumia lita 13, sawa na lita 15 na kitu. Chupa zimepungua hata saa ambazo mkaguzi hakuwepo. Lakini kama utiifu ungepanda huku stoo ikitoa kiasi kilekile, mimi nisingeiamini ile 62.

Lengo la 70 halijafikiwa, na ripoti ya pili iseme hivyo bila kuzunguka. Iseme pia palipogoma. Kabla ya kumgusa mgonjwa utiifu umepanda hadi asilimia 55, ila kabla ya kazi safi ni 10 kati ya 30, karibu palepale. Fursa 30 ni chache mno kwa uamuzi mzito, lakini maelezo ya pembeni ya fomu yanaonyesha kitu: nyingi kati ya 20 zilizokosa zimeandikwa "glavu". Mhudumu alifika kwenye dripu au kidonda, akachomoa glavu boksini kwa vidole vilivyotoka kushika reli ya kitanda, akaendelea na kazi. Mzunguko wa tatu unaanzia hapo: chupa ifungwe pembeni mwa boksi la glavu kwenye toroli ya vidonda, na vikao vya kutazama viongezwe saa za kufunga vidonda hadi fursa za wakati huo pekee zitoshe kuhesabiwa.