Mafunzo ya walimu kazini: nani huamua wafundishwe nini?

Mwalimu wa Masama akiitwa kwenye mafunzo, mzazi huona jambo moja tu: siku hiyo mtoto hana mwalimu. Kwa hiyo ni haki kuuliza kwa nini ameitwa kujifunza hicho na si kingine. Jibu linapaswa kupatikana kwenye ripoti ya tathmini ya mahitaji, na leo tunaeleza inavyotengenezwa na mahali inapoharibika.

Siku hizi mafunzo haya nchini yako chini ya mpango uitwao MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Badala ya semina za mbali mjini, walimu hukutana shuleni kwao katika jumuiya za kujifunza, au kwenye Kituo cha Walimu kinachohudumia shule kadhaa za jirani. Muda ni mdogo, kwa hiyo lazima pawe na orodha ya nini kianze.

Njia rahisi ya kupata orodha ni dodoso. Mwalimu anapewa karatasi yenye stadi mbalimbali. Kwa kila stadi anaandika namba mbili, kuanzia 1 hadi 5: ina umuhimu gani katika kazi yake, na yeye anaiweza kiasi gani. Uwezo unatolewa kwenye umuhimu, na hilo ndilo pengo. Kisha pengo linazidishwa kwa umuhimu, ili stadi isiyo ya lazima isipande juu kwa sababu tu wachache wanaiweza.

Tufanye hesabu kwa mfano tuliobuni. Walimu wa darasa la kwanza na la pili katika kata moja wanasema kompyuta ina umuhimu wa 3, na uwezo wao ni 1. Pengo ni 2, mara 3 tunapata 6. Kufundisha kusoma wanakupa umuhimu wa 5, na wanasema uwezo wao ni 4. Pengo ni 1, mara 5 ni 5. Kompyuta imeshinda, na ripoti ikiishia hapo, walimu watafundishwa kompyuta.

Lakini nani atakubali kuandika kwamba hajui kufundisha kusoma, kazi aliyosomea chuoni? Kutojua kompyuta hakuna aibu. Na dodoso likiwa na jina, au likikusanywa na mwalimu mkuu, wengi watahofia kupandishwa daraja na kujipa 4 na 5 kila mahali. Ukiona ripoti ambayo karibu kila mwalimu ni hodari, shaka ya kwanza iwe kwa karatasi yenyewe.

Ndiyo maana tathmini nzuri huingia darasani. Mtathmini anakaa nyuma na kusikiliza. Watoto wanasoma ubaoni kwa pamoja, sauti moja, inapendeza. Kisha anaomba mwalimu aonyeshe maneno yaleyale bila kufuata mpangilio, mtoto mmoja mmoja. Wengi wakikwama, walikuwa wamekariri, hawakusoma. Tuseme baada ya vipindi kadhaa uwezo uliopewa 4 unaonekana ni 2. Pengo sasa ni 3, mara 5 ni 15. Kusoma kumepanda juu kabisa, na kompyuta na 6 yake itasubiri.

Si kila tatizo linalokutwa shuleni ni la mafunzo, ingawa ripoti nyingi hulichukulia hivyo. Utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 2014 katika shule za msingi za Tanzania uliwapima walimu kwa mtihani, na takribani mmoja kati ya watano tu ndiye aliyefikia kiwango cha chini cha ujuzi kilichowekwa. Hilo mafunzo yanaweza kulitibu. Lakini katika ziara za kushtukiza, karibu nusu ya walimu hawakuwa darasani, ingawa wengi wao walikuwa shuleni. Hilo ni la usimamizi, na semina haitalitibu.

Tena, wastani wa eneo zima huficha mengi. Shule ya mlimani karibu na msitu na shule ya tambarare ya Masama Rundugai huenda zina mahitaji tofauti kabisa. Ukizichanganya, unapata mafunzo yasiyofaa huku wala kule.

Ripoti ikisomwa kwenye mkutano wa shule, mjumbe wa kamati anaweza kuuliza hivi: mliingia madarasa mangapi? Dodoso lilikuwa na majina? Na namba za shule yetu peke yake ni zipi?